Watu 41,300 hawakununua mchele: barua ya kuombea kazi ya matangazo ya kulipia

*Shikamoo dada. Nimemaliza shahada ya masoko mwaka jana hapa Mbeya, naishi Uyole. Nimeona kazi ya afisa msaidizi wa matangazo ya kulipia kwenye kampuni moja ya matangazo huko Iringa. Wanataka uzoefu wa mwaka mmoja, na mimi nina miradi miwili tu ya kozi: kampeni ya Facebook na Instagram tuliyomfanyia mama anayeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, na kampeni ya Google ya nyumba ya wageni ambayo hatukuiwasha. Je, hii inahesabika? Nimekuambatanishia barua na ripoti zote mbili. Barua naiona haina nguvu lakini sijui kasoro iko wapi.*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na ripoti ya mchele mara tatu, maana ripoti ndiyo tamu. Inahesabika, tena vizuri. Kasoro ni kwamba yale ambayo mwajiri angeyataka umeyaacha ukurasa wa 9 wa ripoti, kwenye kiambatisho, halafu barua ukaijaza yale ambayo kila mwombaji anayo.

Tuanze na sentensi unayoitegemea zaidi: "Nilisimamia kwa mafanikio makubwa kampeni iliyofikia zaidi ya watu 41,000 na kupata mibofyo 1,460, hivyo kuongeza mauzo ya mteja kwa kiasi kikubwa." Atakayesoma barua hii kwa kampuni ya matangazo anashinda kutwa ndani ya Ads Manager, ule ukurasa wa kuendeshea matangazo ya Facebook na Instagram. Sentensi hiyo ina mambo matatu, na yote matatu yatamfanya akunje uso.

La kwanza ni hao watu 41,300. Huo ni mstari wa Reach, na unaonyesha fedha ilitumika, basi. Ukimpa Facebook shilingi 70,000 atakutafutia watu wa kuwaonyesha, uwe fundi au usiwe. Hata mtu aliyebusti picha ya harusi yake angepata namba ya namna hiyo.

La pili ni mibofyo 1,460. Nimeifuata kwenye jedwali lako nikakuta umeichukua safu ya Clicks (all). Safu hiyo inahesabu kila kidole kilichogusa tangazo: aliyependa, aliyefungua maoni, aliyebonyeza picha aione vizuri, aliyegusa jina la ukurasa. Safu uliyoitaka ni Link clicks, na hapo kwako pameandikwa 412. Kwa hiyo ile CTR, yaani sehemu ya maonyesho iliyobofywa, ya asilimia 2.35 unayojivunia, kwa maonyesho yako 62,000, kiukweli ni asilimia 0.66. Kosa hili silicheki, nimelifanya mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilimpelekea mteja mmoja wa mbao kule Mafinga ripoti yenye mibofyo zaidi ya 2,000 kutoka safu hiyo hiyo. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, hawa watu elfu mbili wamepitia wapi? Mimi nimepigiwa simu tatu." Sikuwa na jibu. Mtu aliyewahi kuulizwa hivyo huwa haangalii safu ile tena, na akiikuta kwenye barua ya mwombaji anajua huyu bado hajaulizwa.

La tatu ni "kuongeza mauzo kwa kiasi kikubwa". Kuongeza kutoka wapi? Ripoti yako haina mauzo ya wiki iliyotangulia kampeni, kwa hiyo huwezi kujua kama yameongezeka. Neno hilo liondoe.

Sasa twende ukurasa wa 9. Pale umebandika picha ya daftari la mama, lile la mistari, lenye safu ya tarehe, kilo, mtaa, na kama amelipa. "Kilo 10, Ilomba, kalipa." "Kilo 25, Iyunga, bado." Mmoja wenu alimwomba mama aandike pembeni herufi W kwa kila mteja aliyekuja kupitia WhatsApp ya tangazo. Sijui wazo hilo lilikuwa la nani kati yenu wanne, lakini kama lilikuwa lako, ndilo linalokupa kazi. Watu wengi wanaojiita wazoefu hawajawahi kufuata tangazo mpaka kwenye daftari la muuzaji.

Nimezihesabu hizo W. Ziko 11: nane za kilo 10 na tatu za kilo 25, jumla kilo 155. Kwenye utangulizi wa ripoti mmeandika kwamba mama anabaki na faida ya shilingi 400 kwa kilo baada ya kumlipa bodaboda. Namba hizi mbili zimelala kurasa nane mbali na nyingine, na hakuna aliyezikutanisha. Nimezikutanisha mimi: 155 mara 400 ni shilingi 62,000. Tangazo lilikula 70,000. Kampeni yenu ilipata hasara ya shilingi 8,000.

Najua hapo umeshtuka. Usiifiche. Igawanye kwanza uone imetoka wapi. Shilingi 70,000 kwa oda 11 ni kama 6,364 kwa kila oda. Mteja wa kilo 10 anamletea mama faida ya 4,000, kwa hiyo kila aliponunua yeye, mama alipoteza zaidi ya 2,300. Mteja wa kilo 25 analeta faida ya 10,000, na hapo mama anabaki na zaidi ya 3,600. Tangazo lenyewe halikuwa baya, ila lilikuwa linauza mfuko usioweza kubeba gharama yake. Sentensi hiyo moja, mdogo wangu, inaeleza kazi unayoiomba kuliko ukurasa mzima wa "nina ari na ubunifu". Msimamizi wa matangazo analipwa ili aone kitu kama hicho mapema, siku ya tatu au ya nne, mteja wake akiwa hajakiona bado.

Ila nawe usipitilize. Oda 11 ni chache mno. Ukiandika "niligundua kwamba mfuko wa kilo 25 ndio unaolipa kwenye mtandao", msomaji mkali atakuuliza: kwa wateja watatu? Tena hiyo 6,364 ni wastani wa oda zote pamoja. Hujui kumpata mteja wa kilo 25 peke yake kungegharimu kiasi gani, pengine 9,000, pengine 15,000. Kwa hiyo andika ungefanya nini ukirudia, usiandike kwamba umethibitisha. Hata hesabu ya hasara ina mpaka wake: kama wateja wanne kati ya wale walirudi mwezi uliofuata bila tangazo, mama ameshapata faida. Mpigie umuulize. Akisema wamerudi, na daftari likionyesha, ongeza sentensi moja. Asipokumbuka, acha ilivyo.

Kitu kingine cha kubeba kutoka kwenye ripoti ni uamuzi wa siku ya 4. Mliwasha seti mbili za matangazo, picha ya gunia na video ya sekunde 15 ya mchele ukimiminwa kwenye ungo, kila moja kwa shilingi 5,000 kwa siku. Kufikia siku ya 3 picha ilikuwa imekula 15,000 na kuleta mazungumzo 12 ya WhatsApp, yaani 1,250 kwa kila moja. Video kwa fedha ileile ilileta 25, yaani 600. Mkaizima picha, mkahamishia fedha yote kwenye video, na siku nne zilizobaki shilingi 40,000 zikaleta mazungumzo 59. Hapo kila moja limegharimu kama 678. Angalia: bei ilipanda kidogo bajeti ilipoongezwa mara mbili. Hilo ni la kawaida, kwa sababu mfumo unaanza na watu walio rahisi kuwapata, na kuongeza bajeti ghafla kunaweza kuurudisha kwenye hatua ya kujifunza, ambayo Meta wenyewe wanasema inahitaji kama matokeo 50 ndani ya wiki kwa kila seti ili itulie. Picha yenu yenye 12 haikuwahi hata kukaribia. Kwa hiyo kwenye barua sema "niliisimamisha picha kwa sababu ilikuwa inagharimu mara mbili". Usiseme "video ni bora kuliko picha". Sentensi ya kwanza ni uamuzi uliofanywa kwa fedha ya mtu, na ya pili ni nadharia ambayo mazungumzo 37 hayawezi kuibeba.

Halafu kuna yale mazungumzo 58 kati ya 96 yaliyokatika mara tu bei ilipotajwa. Mmeyahesabu kwa mkono kwenye simu ya mama, nawapongeza kwa uvumilivu. Maana yake tangazo halikuwa na bei, watu wakaja kuuliza bei, wakaondoka. Bei ingeandikwa kwenye picha yenyewe, mazungumzo yangepungua na kila moja lingekuwa ghali zaidi, lakini wanaobaki wangekuwa wanunuzi. Bosi wako mtarajiwa amebishana na wateja wake juu ya jambo hili mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa mradi wa Google. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Barua yako inasema "nimewahi kuendesha kampeni za Google Ads". Hujaendesha. Tena naweza kukwambia kwamba hata kwenye akaunti haikuwahi kuingia, mliiandika kwenye Word. Nimejuaje? Kichwa chenu cha kwanza cha tangazo ni "Malazi karibu na Hifadhi ya Ruaha". Kihesabu pamoja na nafasi: herufi 33. Google Ads inapokea 30 tu kwa kichwa, na ukizidisha hairuhusu kuhifadhi. Mtu aliyewahi kuandika matangazo ya Kiswahili mle ndani anayajua mateso hayo, maana maneno yetu ni marefu. "Malazi ya watalii wa Ruaha" ina 26 na inapita. Kabla ya kutuma barua, jioni moja ingia kwenye akaunti, ijenge kampeni ile mwanzo mpaka mwisho, kisha hakikisha hali yake inasomeka Paused ili isije ikaanza kula fedha. Utagundua makosa mengine mawili matatu mwenyewe, na hayo ndiyo masomo.

Hata hivyo mradi ule una lulu moja. Kwenye mpangilio wa eneo mmelenga Iringa na mmeacha Presence or interest, yaani walioko Iringa na wale wanaoonyesha nia na Iringa. Huo ndio mpangilio unaokuja wenyewe, na darasani wengi wanafundishwa kuubadilisha uwe Presence peke yake ili wasilipie watu wa mbali. Ninyi mmeuacha na mmeeleza sababu: anayetafuta chumba Iringa, mara nyingi hayuko Iringa. Yuko Dar au Dodoma anapanga safari. Sahihi kabisa. Na kwa mchele wa mama unaopelekwa na bodaboda ndani ya Mbeya mjini ingekuwa kinyume chake. Mtu anayejua kwamba kitufe kilekile kinawekwa tofauti kwa biashara mbili, na akasema kwa nini, nitamwita kwenye usaili hata kama kampeni yake haikuwashwa. Ila aseme kwamba haikuwashwa.

Nimekuandikia mfano hapa chini. Usiunakili, andika kwa maneno yako, lakini angalia kila kitu kimekaa wapi na kimepewa urefu gani. Anwani na tarehe weka kama kawaida.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA AFISA MSAIDIZI WA MATANGAZO YA KULIPIA

*Naomba kazi iliyotajwa hapo juu. Nina shahada ya masoko niliyoipata mwaka jana. Sina mwaka mmoja wa kuajiriwa kama tangazo lenu linavyotaka. Nina kampeni moja niliyoiendesha kwa fedha halisi wakati wa kozi, na nyingine niliyoijenga bila kuiwasha.*

*Kampeni ya kwanza ilikuwa ya muuza mchele wa Kyela katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa shilingi 70,000 ndani ya siku 7. Tulikuwa kikundi cha wanafunzi wanne; mimi nilipanga seti za matangazo na kufuatilia takwimu kila siku. Tulitumia matangazo ya Facebook na Instagram yanayomfungulia mteja WhatsApp. Kufikia siku ya 3 kila mazungumzo kutoka kwenye picha yalikuwa yanagharimu shilingi 1,250, na kutoka kwenye video 600, hivyo niliisimamisha picha. Kwa jumla tulipata mazungumzo 96 na, kwa mujibu wa daftari la muuzaji, oda 11 za kilo 155.*

*Kila oda iligharimu takribani shilingi 6,364 za matangazo. Muuzaji anapata faida ya shilingi 400 kwa kilo, kwa hiyo oda za kilo 10 zilikuwa za hasara na za kilo 25 za faida, na wiki ile iliisha na pengo la shilingi 8,000. Mazungumzo 58 yaliishia kwenye swali la bei. Ningepewa bajeti hiyo tena, ningetangaza mfuko wa kilo 25 peke yake na kuandika bei ndani ya tangazo, kisha nikapima gharama ya oda badala ya gharama ya mazungumzo.*

*Kampeni ya pili niliijenga kwenye Google Ads kwa ajili ya nyumba ya wageni ya Iringa inayopokea wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Haikuwashwa, hivyo haina matokeo. Niliacha mpangilio wa eneo uwafikie pia walio nje ya Iringa wenye nia ya kufika, kwa kuwa anayetafuta chumba huwa bado hajasafiri.*

*Nimeambatanisha wasifu wangu na ukurasa mmoja wa takwimu za kampeni ya mchele. Naweza kuhamia Iringa ndani ya wiki mbili.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*

Umeona mambo yaliyotoka. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" imetoka, kwa sababu kichwa kiko hapo juu na anakiona. "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye akili timamu" imetoka pia. Sijawahi kusikia mtu aliyeandika kwamba zake si timamu. "Niko tayari kufanya kazi chini ya shinikizo" nayo imekwenda. "Wako katika ujenzi wa taifa" nimekuachia, mimi ni wa zamani, naipenda. Kijana akiitoa simlaumu.

Angalia pia ile "tulikuwa wanne, mimi nilipanga". Barua yako ya kwanza ilikuwa na "nilisimamia" kila mahali, lakini jalada la ripoti lina majina manne. Iringa na Mbeya si mbali, na wenzako watatu nao wanatafuta kazi. Barua mbili zikifika meza moja zikisema kila mmoja alisimamia kampeni ileile ya mchele, zote mbili zinakwenda kapuni. Kama video alipiga mwenzako, usiiguse. Na kama ile herufi W ya daftarini ilikuwa wazo lako, liongeze kwenye aya ya pili kwa maneno manane, si zaidi.

Kuhusu ule mwaka mmoja wanaoutaka: umeutaja kwenye aya ya kwanza, umemaliza. Usiombe radhi, usieleze jinsi ajira zilivyo ngumu. Kwa nafasi ya msaidizi sharti hilo huwekwa ili kupunguza barua, na anayelivuka kwa namba za kweli husomwa. Mwingine atakukataa kwa sababu hiyo hiyo, hapo hakuna barua itakayosaidia.

Kuna jambo moja la kufanya kabla ya kutuma, nalo ni bure. Fungua Meta Ad Library, chagua Tanzania, andika majina ya wateja ambao kampuni hiyo inawaonyesha kwenye ukurasa wake. Utaona matangazo yanayoendeshwa sasa hivi na tarehe yalipoanza. Tangazo lililokaa miezi mitatu ama linalipa sana ama limesahaulika, na utofauti huo huwezi kuujua ukiwa nje. Kwa hiyo usijaribu kuwakosoa ndani ya barua. Kazi ya Ad Library ni kukuambia wanafanya nini zaidi. Ukikuta karibu wote ni matangazo ya kufungua WhatsApp, aya ya mchele iendelee kutangulia kama nilivyoiweka. Ukikuta ni loji na kampuni za safari, panga upya: nyumba ya wageni ipande juu na irefushwe, mchele ufupishwe. Kama ni hivyo, fanya pia mtihani wa Google Ads Search kule Skillshop, tovuti ya mafunzo ya Google. Ni bure, kupita ni asilimia 80, na cheti chake kinadumu mwaka mmoja. Kwenye barua kinastahili nusu sentensi.

Lugha? Fuata tangazo la kazi lilivyoandikwa. Lao ni la Kiswahili, nawe umenitumia barua ya Kiswahili, sawa.

Ule ukurasa wa takwimu ndio utakaokuangusha usipoangalia. Picha ya skrini ya Ads Manager lazima ionyeshe tarehe za zile siku 7 pale juu kulia. Yako inaonyesha Maximum, ambayo imejumlisha na zile shilingi 5,000 mlizojaribia wiki mbili kabla, ndiyo maana jumla yake inasoma 75,000 na barua inasema 70,000. Msomaji hatajua sababu, ataona tu namba hazilingani. Weka safu nne tu: fedha iliyotumika, Impressions, Link clicks na Messaging conversations started. Chini yake weka picha ya daftari, lakini funika namba za simu na majina ya wateja kwa wino mweusi kabisa, usitumie ule ukungu unaoweza kusomeka ukikuza. Wale watu walimpa mama namba zao ili waletewe mchele. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kampuni inayoshika orodha za wateja wa watu haitapenda kuona wewe unazigawa hata kabla hujaajiriwa. Mama mwenyewe mwombe ruhusa ya kutaja biashara yake na faida yake kwa kilo. Hiyo 400 ni siri yake ya soko, pengine majirani zake pale Mwanjelwa hawaijui. Akikataa, andika "oda ndogo zilikuwa za hasara, kubwa za faida" bila kiwango, utaeleza hesabu kwa mdomo ukiulizwa.

Na ukiitwa Iringa, kabla hujapanda basi jaribu kuingia kwenye akaunti ya matangazo ya mama kwa simu yako. Wanafunzi wengi huondolewa ruhusa kozi ikiisha, na wanakuja kugundua mbele ya jopo, simu imekwama kwenye ukurasa wa kuomba nywila. Kama umeshaondolewa, mwombe mama akurudishie ruhusa ya kuangalia tu, bila ya kuhariri wala kugusa malipo. Watakachokuuliza, karibu nina hakika, ni hiki: "Tunakupa shilingi 70,000 nyingine kwa mchele uleule. Siku ya ngapi utajua kama inakwenda vibaya?" Hesabu ianzie kwenye faida ya 10,000 ya mfuko wa kilo 25: ukishatumia 30,000 na daftari lina W mbili au pungufu, tangazo halijirudishii fedha zake. Oda 3 ndiyo mahali linaposawazika, na kwa shilingi 10,000 kwa siku hiyo ni jioni ya siku ya 3. Siku moja zaidi unaweza kuwapa wateja wanaosema "nitapitia kesho", maana wapo wanaopitia kweli.